Ipi imebanana zaidi, Misri au Bangladesh?

*Swali: Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa jiografia. Kitabu kimoja kinasema Misri ina watu kama mia moja tu kwa kilomita ya mraba, na Bangladesh zaidi ya elfu moja. Kingine kinasema kwa msongamano wa kifiziolojia Misri ndiyo imebanana zaidi. Wanafunzi wananiuliza kipi cha kuaminiwa. Niwaambie nini?*

Mwalimu, vyote viwili viaminiwe, ila kila kimoja kwa jambo lake. Watu waliohesabiwa ni walewale. Kilichobadilika ni ardhi waliyogawanyiwa. Msongamano wa kihesabu huchukua watu wote wa nchi na kuwagawanya kwa eneo lote la nchi, liwe jangwa, mlima au msitu. Msongamano wa kifiziolojia huwachukua watu haohao na kuwagawanya kwa ardhi ya kulima peke yake. Kwa hiyo vyote viwili ni wastani, na kila wastani huficha kitu. Ni vizuri wanafunzi wako waanze kwa kuzifanya hesabu zenyewe, kwa sababu mengi yanayofichika hujitokeza mtu anapoanza kugawanya.

Sensa ya Misri ya mwaka 2017 ilihesabu watu milioni 94.8 ndani ya nchi. Eneo la nchi ni kilomita za mraba kama 1,002,000. Gawanya, unapata watu 95 hivi kwa kilomita ya mraba. Bangladesh ina watu wapatao milioni 170 katika kilomita za mraba 147,570, yaani zaidi ya 1,150 kwa kila kilomita. Kwa kipimo hiki Bangladesh imebanana mara kumi na mbili kuliko Misri.

Sasa badilisha namba ya chini. Ardhi ya kulima ya Misri, kwa hesabu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ni takribani kilomita za mraba 29,000, ambayo haifiki hata asilimia 3 ya nchi. Ya Bangladesh ni kama 80,000, zaidi ya nusu ya nchi nzima. Misri inaruka kutoka 95 hadi karibu 3,270 kwa kilomita ya mraba ya shamba. Bangladesh inapanda kutoka 1,150 hadi 2,100 na kidogo. Aliyekuwa nyuma mara kumi na mbili sasa ametangulia, na hakuna aliyehama wala aliyezaliwa.

Nianze na kile ambacho 95 ya Misri inaficha. Magharibi ya Mto Naili kuna mkoa uitwao Bonde Jipya, al-Wadi al-Jadid kwa Kiarabu. Una kilomita za mraba zipatazo 440,000, sehemu kubwa mno ya nchi, na sensa ileile ya 2017 ilikuta humo watu wapatao 241,000 tu, wengi wao kwenye nyasi na visima vya oasisi kama Kharga na Dakhla. Chukua kalamu uutoe mkoa huo kwenye hesabu. Unabaki na watu milioni 94.56 katika kilomita za mraba 562,000, na msongamano wa Misri unaruka kutoka 95 hadi 168. Umeondoa mtu mmoja katika kila mia nne, na namba imepanda kwa zaidi ya robo tatu. Kwa hiyo 95 inatueleza zaidi mahali mipaka ya jangwa ilipochorwa kuliko namna Wamisri wanavyoishi.

Inavyojulikana, Wamisri wapatao 95 kati ya kila 100 wanaishi katika bonde la Naili na delta yake, kwenye asilimia 5 hivi ya ardhi ya nchi. Hao ni kama watu milioni 90 katika kilomita za mraba 50,000, yaani 1,800 kwa kilomita. Waliobaki, chini ya milioni 5, wametawanyika katika kilomita 950,000, watu watano kwa kila kilomita. Sasa uliza swali kwa upande wa mtu badala ya upande wa ardhi: Mmisri wa kawaida anaishi mahali penye msongamano gani? Zidisha kila msongamano kwa sehemu ya watu wanaouishi: 0.95 mara 1,800, jumlisha 0.05 mara 5. Jibu ni kama 1,710. Hakuna mahali nchini ambapo 95 ndiyo hali ya watu wengi. Bondeni namba hiyo ni ndogo kupita kiasi, na jangwani ni kubwa kupita kiasi.

Bangladesh haina shida hiyo kwa kiwango hicho. Ni tambarare ya mito karibu yote, na ukiacha vilima vya Chittagong upande wa kusini-mashariki na msitu wa mikoko wa Sundarbans, watu wametapakaa kila mahali. Wastani wake wa kihesabu haudanganyi sana, ingawa nao ungepanda ukiupima kwa upande wa mtu, kwa sababu ya Dhaka. Una tatizo jingine dogo: mito. Ukitumia eneo lote la nchi unapata 1,150, lakini ukitoa maji na kubaki na nchi kavu ya kilomita za mraba 130,000 hivi, unapata 1,300. Vitabu viwili vinaweza kutofautiana kwa sababu hiyo tu, na ni vichache vinavyotaja vimetumia eneo lipi. Mkiona tofauti ya namna hiyo darasani, angalieni eneo kabla ya kuangalia idadi ya watu.

Hapo mtu hudhani msongamano wa kifiziolojia ndio dawa. Umeondoa jangwa, kwa hiyo umebaki na ukweli. Lakini swali umelibadilisha bila kujua. Wale 3,270 hawaishi juu ya ile kilomita ya shamba. Ni watu ambao kilomita hiyo ingewalisha kama nchi ingejitegemea kwa chakula. Kipimo hiki kinazungumzia mzigo ulio juu ya shamba. Kuhusu kubanana nyumbani, barabarani au darasani hakisemi kitu, na mtaa wa maghorofa na mtaa wa vibanda vinaweza kutoka sawa kwenye vipimo vyote viwili.

Mfano wa kukitia aibu kipimo hiki ni Singapuri. Ni mji ulio nchi, na mashamba yake hayafiki asilimia 1 ya eneo lake. Gawanya watu wake karibu milioni 6 kwa mashamba hayo, unapata namba ya kutisha inayopita mamia ya maelfu kwa kilomita ya mraba. Hakuna anayelala njaa kwa sababu ya namba hiyo. Singapuri hununua chakula chake, na ilikwisha amua zamani kwamba ardhi yake ni ya bandari, viwanda na nyumba.

Turudi Misri, kwa sababu huko namba ina maana zaidi na kwa hiyo udanganyifu wake ni wa hila zaidi. Jambo la kwanza ni nini kimehesabiwa kama ardhi ya kulima. FAO huingiza humo ardhi yenye mazao ya msimu, bustani za mboga, malisho yanayopandwa kwa muda, na ardhi iliyopumzishwa kwa chini ya miaka mitano. Mazao ya kudumu, yaani miti na mimea inayokaa shambani miaka mingi, huwekwa kwenye fungu lake. Kwa hiyo mitende, mizeituni na michungwa ya Misri haimo kwenye zile kilomita 29,000. Ukiiongeza, ardhi ya mazao inafika kama 38,000, na msongamano unashuka kutoka 3,270 hadi 2,500. Bangladesh nayo hushuka ukifanya hivyohivyo, ila kidogo. Misri inabaki juu, lakini pengo ulilowaonyesha wanafunzi limepungua sana kwa uamuzi wa mtu wa takwimu wa kuuweka mchungwa kwenye fungu hili au lile.

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: takwimu hiyo haipimi ardhi inayoweza kulimwa. FAO wenyewe wanatahadharisha kuhusu hilo. Ni ardhi iliyo katika matumizi hayo sasa. Nchi yenye pori kubwa lenye rutuba ambalo bado halijafyekwa itaonekana imebanwa kuliko ilivyo, na nchi iliyokwisha kulima hadi kwenye miteremko itaonekana ina nafasi.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba kipimo kinachukulia kila hekta kuwa sawa na nyingine. Hapa nitaiweka Misri kando ya Niger, kwa sababu zote mbili ni za jangwa na zote zina mto mmoja mkubwa, ila mashamba yao hayafanani hata kidogo. Niger ina watu wapatao milioni 25 na ardhi ya kulima ya hekta milioni 17.7 hivi, sawa na kilomita za mraba 177,000. Msongamano wake wa kifiziolojia ni kama 140. Kwa kulinganisha na 3,270 ya Misri, mwanafunzi ataandika kwamba Niger ina ardhi tele, mara ishirini na tatu zaidi kwa kila mtu. Hilo ndilo jibu kipimo kinalolitoa.

Sasa tushuke shambani. Hekta ya Misri ina maji ya mfereji mwaka mzima tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970. Kipindi cha baridi mkulima hupanda ngano na kuvuna kama tani 6.5. Ngano ikitoka, kiangazi hupanda mahindi na kuvuna kama tani 7. Hekta moja, mwaka mmoja, tani 13 na nusu za nafaka. Hekta ya Niger hungoja mvua ya miezi michache, hupandwa uwele mara moja, mara nyingi ukichanganywa na kunde, na hutoa kama nusu tani ya uwele. Mvua ikikosea, hupungua hata hiyo. Na sehemu ya hekta hizo milioni 17.7 mwaka huu haina kitu kabisa, imepumzishwa, lakini inahesabiwa.

Gawanya mavuno kwa watu. Misri ina watu kama 33 kwa kila hekta ya kulima, na tani 13.5 ukiwagawia ni kama kilo 410 za nafaka kwa kila mmoja. Niger ina watu 1.4 kwa hekta, na nusu tani ni kama kilo 350 kwa kila mmoja. Tofauti ya mara ishirini na tatu imeyeyuka. Hesabu hii ni ya kubuni, maana inadhani kila hekta imepandwa nafaka, jambo ambalo halifanyiki popote. Nimeifanya ili ionekane kwamba tofauti kubwa kati ya namba mbili za msongamano inaweza kuwa tofauti ya maji na misimu, huku mzigo halisi ukikaribiana. Kwa upande huu Bangladesh hufanana na Misri kuliko Niger: nayo huvuna mara mbili kwa mwaka kwa wastani, kwa mpunga wa msimu wa mvua na mwingine wa msimu mkavu unaomwagiliwa. Ndiyo maana kulinganisha Misri na Bangladesh kwa kipimo hiki kuna maana zaidi kuliko kulinganisha Misri na Niger. Mtu akitaka kusahihisha kidogo, agawanye watu kwa eneo lililovunwa, ambapo shamba lililovunwa mara mbili huhesabiwa mara mbili.

Kwa kweli Misri haiishi kwa zile kilo 410. Sehemu kubwa ya mashamba yake kipindi cha baridi huoteshwa birsimu, majani ya kulishia ng'ombe na nyati, na kiangazi kuna pamba, mpunga, miwa na mboga. Pengo la ngano huzibwa na meli. Misri ni kati ya waagizaji wakubwa kabisa wa ngano duniani, na katika miaka mingi ya karibuni imeagiza kama tani milioni 12 kwa mwaka, sehemu kubwa kutoka Urusi na Ukraine. Tuseme hekta ya huko hutoa tani 3. Tani milioni 12 ni mavuno ya hekta milioni 4. Misri yenyewe ina hekta milioni 2.9 za kulima. Kwa hiyo mashamba ya ngano yanayoilisha Misri kutoka ng'ambo ni makubwa kuliko ardhi yote ya kulima iliyo ndani ya mipaka yake.

Ukiyaongeza mashamba hayo ya nje kwenye namba ya chini, msongamano wa kifiziolojia unaanguka kutoka 3,270 hadi chini ya 1,400. Sishauri mtu aichapishe namba hiyo kitabuni. Lakini inaeleza kwa nini vita vya mwaka 2022 kati ya Urusi na Ukraine vilitikisa bei ya mkate Kairo, jambo ambalo 95 haiwezi kulieleza, na 3,270 inalieleza nusu tu: inaonyesha kwamba nchi lazima itegemee wengine, haionyeshi inawategemea kwa kiasi gani wala inalipaje.

Mahali ambapo vipimo hivi viwili vinakutana, na hapa ndipo ningekaa na wanafunzi kwa muda, ni pembezoni mwa Kairo. Kwa kawaida shamba na makazi ni vitu viwili mbalimbali. Misri vinagombea udongo uleule, kwa sababu maji yako hapo tu. Ukitazama picha za satelaiti za upande wa mji wa Giza utaona majengo marefu ya matofali mekundu yamesimama ndani ya mashamba, mengine bado yamezungukwa na kijani pande zote. Mashamba ya huko ni vipande virefu vyembamba vinavyofuata mifereji, na mashamba mengi hayafiki fedani tatu, fedani moja ikiwa mita za mraba 4,200. Mtaa unapoota juu yake hurithi umbo hilohilo: jengo huchukua upana wa kipande, na mfereji wa zamani hugeuka njia. Sheria za kuzuia ujenzi huo na uchimbaji wa udongo wa juu kwa ajili ya matofali zipo tangu miongo mingi, na ujenzi umeendelea, hasa baada ya mapinduzi ya mwaka 2011.

Jiulize msongamano wa kifiziolojia unaonyeshaje jambo hilo. Tuseme hekta 10,000 za delta zimejengwa. Hizo ni kilomita za mraba 100. Namba ya chini inashuka kutoka 29,000 hadi 28,900, na msongamano unapanda kutoka 3,269 hadi 3,280. Hakuna atakayeona. Halafu serikali inafungua hekta 10,000 za jangwani kwa mabomba, na namba inarudi ilipokuwa. Kwenye jedwali hakuna kilichotokea. Shambani, udongo wa mfinyanzi ulioletwa na mafuriko ya Naili kwa maelfu ya miaka umebadilishwa na mchanga usioshika maji, unaohitaji mbolea nyingi na pampu zinazokula umeme.

Na maji yenyewe hayaongezeki. Kwa mkataba wa mwaka 1959 na Sudan, fungu la Misri kwenye Naili ni mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka. Kwa watu wa sensa ya 2017 hiyo ni kama mita 585 kwa kila mtu, wakati kiwango kinachotumiwa sana kuashiria uhaba wa maji ni mita 1,000. Mvua ya Kairo ni milimita 25 hivi kwa mwaka, haioteshi kitu. Kwa nchi ya namna hii mimi ningeweka maji kwenye namba ya chini kabla ya kuweka ardhi, kwa sababu jangwa lipo la kutosha.

Kuna kipimo cha tatu ambacho vitabu hukitaja kwa sentensi moja: msongamano wa kilimo, yaani wakulima peke yao kwa ardhi ya kulima. Kinasaidia pale unapotaka kujua kama mashamba yamegawanywa vipande vidogo, au kama yanalimwa kwa mikono au kwa mashine. Uholanzi na Misri zote zina watu wengi kwa kila kilomita ya shamba, lakini Uholanzi wanaolima ni wachache mno na Misri bado ni wengi. Msongamano wa kifiziolojia hauwezi kuzitenganisha, kwa sababu namba yake ya juu inamhesabu karani wa Amsterdam sawa na mkulima wa delta.

Kwa swali la mtihani, basi, mwanafunzi aandike kwamba Misri ina nafasi nyingi isiyokalika na shamba dogo lenye mzigo mkubwa, na Bangladesh imejaa karibu kila mahali ila ina shamba kubwa zaidi kwa kila mtu. Akiulizwa wapi watu wamebanana, atumie msongamano wa bondeni, ule 1,800, aulinganishe na 1,150 ya Bangladesh. Akiulizwa wapi shamba limeelemewa, atumie 3,270 na 2,100, kisha ataje mavuno mawili, maji na ngano ya meli.

La mwisho ni la hesabu, na limewapotosha wengi. Takwimu za Benki ya Dunia hazitoi msongamano wa kifiziolojia moja kwa moja. Hutoa hekta za kulima kwa kila mtu, na kwa Misri utaona 0.03. Gawanya 100 kwa namba hiyo, kwa kuwa kilomita ya mraba ni hekta 100, na utapata 3,333. Lakini 0.03 imekadiriwa: inaweza kuwa imetokana na 0.026 au 0.034, na majibu yake ni 3,846 na 2,941. Kwa nchi zenye shamba dogo hivyo, tafuteni idadi ya watu na hekta za mwaka mmoja mgawanye wenyewe.